Zawadi ya Diwali huingia nyumba nzima

*Shikamoo Shangazi. Nafanya kazi katika ofisi ya uwakala wa mizigo hapa Dar es Salaam, na mimi ni Mkristo. Mwenzangu wa meza ya jirani ni dada wa Kihindi, tunasaidiana sana. Krismasi alinipa boksi la lozi. Siku yake ya kuzaliwa nikamnunulia keki kubwa. Alinishukuru, akawakatia watu wote, ila yeye mwenyewe hakuonja, nami nikaona haya kumuuliza. Sasa Diwali inakaribia, sisi wenzake tisa, nami nikiwemo, tunataka kuchanga tumpe zawadi, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kununua. Nisije nikaharibu tena. Ninunue nini, na nimpe lini?*
*Mama Neema, Tabata*

Marahaba mwanangu.

Tuanze na keki, maana naona bado inakuuma. Kosa lake, kwa dhana yangu, ni mayai. Wahindu wengi wa pwani yetu asili yao ni Gujarati, na wengi wao hawali nyama, samaki wala mayai. Maziwa, mtindi na samli wanakula. Huku kwetu mtu akisema hali nyama tunamkaangia mayai tukidhani tumemtunza, kumbe kwake yai liko upande ule ule wa kuku. Ndiyo maana alishika kisu akawakatia wenzake: alipokea heshima yako, akalinda mwiko wake, na hakutaka kukuaibisha mbele ya ofisi. Hakukukasirikia.

Lakini huenda pia yeye mwenyewe mayai anakula akiwa mjini na wenzake, ila siku ile alikuwa amefunga. Hilo huwezi kulijua kwa kumtazama, na kwa zawadi ya sikukuu wala si jambo kubwa. Kubwa ni kwamba zawadi ya Diwali haibaki mezani pake. Inakwenda nyumbani. Itafunguliwa mbele ya mama mkwe, itawekwa sebuleni wageni wachukue, pengine itakaa jikoni ambako yai halijawahi kuvunjwa, au karibu na rafu ya sala. Kwa hiyo kipimo chako kiwe yule mtu wa nyumba hiyo anayeshika miiko kuliko wote. Ukimridhisha huyo, wengine wote wamo.

Kabla ya kutoa hata senti, hakikisha kwamba Diwali ni sikukuu yake. Mhindi si lazima awe Mhindu. Kati ya Wahindi wa Dar es Salaam kuna Waismailia, Mabohora na Waithnaasheri, ambao wote ni Waislamu na sikukuu zao ni Idi. Kuna Wagoa, ambao wengi ni Wakatoliki kama walivyo jirani zako. Kuna Masingasinga, ambao huwasha taa siku hiyo hiyo lakini kwa kumbukumbu yao wenyewe. Na kuna Wajaini, ambao watu huwachanganya na Wahindu: nao husherehekea Diwali, ila kwao ni ukumbusho wa Mahavira, mwalimu wao mkuu, kupata ukombozi wake. Jina la ukoo halitoshi kukuambia. Shah, kwa mfano, anaweza kuwa Mjaini, Mhindu au Mwislamu.

Basi muulize, na ukiuliza, ulizia nyumba. Mwambie hivi: “Dada, tunataka kukuletea kitu kidogo cha Diwali. Nyumbani kwenu kuna vyakula msivyoingiza?” Neno la kushika hapo ni “nyumbani”. Ukimwuliza “wewe unakula nini?” atakujibu kwa adabu, “chochote tu, usijisumbue,” nawe utarudi pale pale. Ukiulizia nyumba, hajitetei yeye, anaeleza tu desturi ya wazee wake, na watu wengi hulieleza hilo kwa furaha. Akikwambia hawali vitunguu, sikiliza vizuri. Wafuasi wa Swaminarayan, dhehebu mojawapo la Wahindu, wanaoshika sana huacha kitunguu maji na kitunguu saumu. Wajaini wanaoshika huacha pia viazi, karoti na mizizi mingine, kwa sababu kuing'oa ni kuua mmea mzima pamoja na vidudu vya ardhini. Asali nayo wengi wao hawagusi, na wapo wasiokula kitu jua likishazama.

Sasa ununuzi. Mko tisa, changeni shilingi 4,000 kila mmoja, mpate 36,000, na msivuke hapo hata kama bosi atataka kuongeza. Zawadi za Diwali hurudishwa. Mkimpa kitu cha laki mbili mnamtwika deni la kuwarudishia watu tisa.

Kwa fedha hiyo nunua korosho na lozi, uwiano wa mbili kwa moja, kwa mfano nusu kilo ya korosho na robo kilo ya lozi. Karanga za aina hii na matunda makavu ndiyo zawadi ambayo wao wenyewe hupeana Diwali, na lozi alizokupa Krismasi zilitoka katika desturi hiyo. Korosho zina uzuri wa ziada kwamba ni mali ya kwetu, za Mtwara na Lindi, kwa hiyo zawadi inabeba kitu chenu pia. Chukua zilizookwa kavu, zenye chumvi au bila. Hapa ndipo watu huteleza: pakiti za korosho zenye viungo mara nyingi zina unga wa kitunguu au wa kitunguu saumu, na ladha ya pilipili inaufunika usiusikie. Geuza pakiti usome viambato. Ukinunua za kupima sokoni, chagua muuzaji asiyekaanga vitu vingine katika mafuta hayo hayo.

Vitie kwenye kopo jipya la stili lenye kifuniko. Nasisitiza jipya, maana kopo lililowahi kukaa nyama nyumbani kwako halifai hata ulisugue vipi. Vyombo vipya vina heri yake kipindi hiki, kwani siku ya Dhanteras, siku mbili kabla ya Diwali yenyewe, nyumba nyingi hununua chombo kipya. Korosho zikiisha, kopo litabaki jikoni kwao miaka.

Ukitamani kuongeza mithai, kama barfi au ladu, zinunue kwenye duka la mithai la Wahindu wenyewe. Kisutu, karibu na mahekalu, utalipata. Zinunue asubuhi ya siku ya kumpa, kwa sababu mithai ya maziwa haivumilii joto la Dar. Nakushauri usipeleke sambusa za mboga kutoka hoteli ya kawaida. Ndani mna kitunguu, na mafuta yake yametoka kukaanga sambusa za nyama.

Chokoleti na peremende za boksi ziangalie kwa makini. Tafuta neno jelatini au namba E441, ambayo hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, na ndiyo inayozifanya peremende nyingi za kutafuna zivutike. E120 ni rangi nyekundu itokanayo na wadudu. Chokoleti nyingine zina pombe katikati. Bidhaa zilizotoka India zina alama rahisi: kitone cha kijani ndani ya mraba wa kijani maana yake hamna nyama wala yai. Ila kitone hicho hakikuhakikishii kwamba hamna kitunguu, kwa hiyo kwa Mjaini bado soma viambato.

Vitu visivyoliwa vina miiko yao pia. Pochi, mkanda au shajara yenye jalada la ngozi viache, maana ng'ombe kwa Mhindu ni mnyama wa heshima kubwa, na hata ngozi ya mnyama mwingine haina nafasi karibu na mahali pa sala. Seti ya visu iache, wengi huona kitu chenye makali kinakata uhusiano. Sanamu au picha za miungu usinunue, hata ikiwa nzuri vipi. Ukishampa sanamu ya Ganesha au Lakshmi umempa kitu anachopaswa kukitunza kwa taratibu zake, bila kumwuliza kama anakitaka. Kwa sababu hiyo hiyo epuka karatasi ya kufungia yenye picha hizo, kwa kuwa itachanwa na kutupwa chini. Tumia karatasi nyekundu, ya njano au ya dhahabu. Nyeusi wengi huiona ya mkosi, na nyeupe tupu huwakumbusha msiba.

Kuhusu siku: Diwali hufuata mwezi, huangukia usiku wa giza, kabla mwezi mpya haujaandama, kati ya Oktoba na Novemba. Mwaka 2025 ilikuwa 20 Oktoba, na mwaka 2026 ni 8 Novemba. Siku yenyewe huenda hatakuja kazini, na Wagujarati huingia mwaka wao mpya mara baada ya hapo. Mpe siku mbili au tatu kabla, jioni mnapotoka, ili abebe moja kwa moja nyumbani na asilazimike kufungua na kuonja mbele yenu. Mkichelewa msiache kabisa. Siku ya tano ya mwaka wao mpya huitwa Labh Pancham, siku ambayo wafanyabiashara wengi hufungua tena maduka, na mpaka hapo zawadi bado ni ya sikukuu. Mpe kwa mkono wa kulia au kwa mikono miwili, kama ambavyo ungempa mzee wako.

Kwenye kadi andika “Heri ya Diwali kwako na familia yako”, kisha majina yenu tisa. Mkionana mwaka mpya wao ukiwa umeingia, mwambie “Sal Mubarak”. Ni salamu ya Kigujarati na utaona uso wake ukifunguka. Usiweke aya ya Biblia wala dua ya dini yoyote. Na tafadhali, yule mwenzenu anayependa kusema “Banyani” mwambieni aliache neno hilo, hata kwa utani. Methali yake tunaijua wote, naye anaijua.

Huenda akarudi na boksi la mithai kwa ofisi nzima, na baadhi yenu, Wakristo na Waislamu, wakasita wakiwaza kama limetolewa mbele ya miungu. Chakula kilichotolewa hivyo huitwa prasadi, na mithai ya dukani iliyonunuliwa kugawiwa wageni kwa kawaida siyo. Anayesita amuulize kwa upole, “Dada, hii ni prasadi au mithai tu?” Ni swali la kawaida na halimvunjii heshima. Ikiwa ni prasadi na imani ya mtu haimruhusu, apokee neno la heri, ashukuru, amwachie mwingine. Asiitupe kwenye pipa la ofisi, hata kipande, kwa sababu kwao ni kitu kitakatifu na pipa hilo lipo hatua chache kutoka mezani pake.