Kabla ya machozi kuna kazi ya usiku mzima

Swali la wiki: "Je, ni sawa muuguzi kulia mbele ya ndugu wa mgonjwa aliyefariki?"

Mimi ni mwanafunzi wa stashahada ya uuguzi hapa Moshi, na jibu langu la haraka ni hapana, kwa sababu ndugu wana msiba wao na hawapaswi kubebeshwa na wa kwetu. Hata hivyo, kila ninaposikia jambo hili likijadiliwa, watu huanzia pale mgonjwa alipokwisha kukata roho, ilhali yanayobaki moyoni mwa ndugu, kwa nilivyoona, hutokea saa chache kabla, wakati mtu bado anapumua na kila mmoja anajiuliza afanye nini.

Kifo cha kwanza nilichokishuhudia kilikuwa cha mzee mmoja wa Kibosho aliyelazwa wodi ya wanaume akiwa na saratani ya umio. Wasomaji wa mkoa huu hawahitaji kuelezwa ugonjwa huo. Wengi wetu tunamjua mtu aliyeanza kwa kushindwa kumeza nyama, kisha ndizi, kisha uji, akafikishwa hospitali wakati hata maji hayapiti. Madaktari walikuwa wamekwisha kukaa na familia na kueleza kwamba kilichobaki ni kumtuliza maumivu, na tulikuwa tukimpa mofini ya maji kidogo kidogo ndani ya shavu.

Nilipoingia zamu ya usiku, sista niliyekuwa chini yake alifunua shuka upande wa miguuni, akaniambia niyashike magoti ya mzee. Yalikuwa ya baridi, na ngozi ilikuwa na madoa ya zambarau yaliyosambaa kama ramani, kwa sababu mwili unapoelemewa hubakiza damu kwa moyo na ubongo na kuinyima ngozi ya mbali. Mfuko wa mkojo ulikuwa na mkojo kidogo mweusi kama chai ya rangi. Kisha akaniambia nitazame kifua na saa yangu ya mkononi. Mzee alivuta pumzi fupi, zikazidi kuwa ndefu na za haraka, zikapungua tena, halafu zikakoma kabisa kwa sekunde 20 hivi kabla ya kuanza upya. Sista alimgeukia mke wa mzee, akasema kwa sauti ya kawaida: "Mama, baba anatuaga. Sidhani kama atafika asubuhi. Kama kuna mtoto yuko karibu, mwite sasa."

Nilidhani mama angepiga yowe, lakini alichofanya ni kutoa simu kwenye kanga na kumpigia mwanawe aliyekuwa Majengo.

Kijana alifika akiwa na hasira, na alikuwa na maswali mawili ambayo naamini kila muuguzi wa nchi hii ameyasikia: kwa nini baba hana dripu, na kwa nini hapewi maji. Sista alimjibu polepole. Mwili unaozimika hauwezi tena kuyatumia maji ya dripu, kwa hiyo huishia kwenye mapafu na kuvimbisha miguu, na ule mkoromo wa makohozi uliokuwa ukimtisha ungeongezeka. Maji ya kijiko nayo yangeingia kwenye njia ya hewa, kwa kuwa mzee hakuwa na nguvu ya kumeza wala ya kukohoa. Hakumwacha kijana mikono mitupu, maana alinituma nilete gozi na kikombe cha maji safi, tukamlaza mzee ubavu ili makohozi yatoke yenyewe, na kijana akafundishwa kukamua gozi na kulowesha midomo, ufizi na ulimi wa baba yake kila baada ya muda mfupi. Aliifanya kazi hiyo mpaka mwisho, na sikumsikia akiuliza tena habari ya dripu.

Sista aliwaambia pia waendelee kuzungumza naye. Upo utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2020, uliopima mawimbi ya ubongo ya wagonjwa waliokuwa katika saa zao za mwisho, na baadhi yao ubongo uliitikia sauti ingawa wao wenyewe hawakuitika kwa lolote. Waliopimwa walikuwa wachache, na kuitikia sauti si lazima kuwe kuelewa maneno, lakini kwangu hiyo inatosha kutokumjadili mtu juu ya kitanda chake.

Karibu na saa kumi alfajiri pumzi zilikoma na hazikurudi. Mama akaanza kuomba. Ghafla taya likafunguka, mzee akavuta hewa mara moja kwa nguvu, kijana akaruka akisema baba amezinduka, leteni oksijeni. Hapo ndipo nilipojua kwa nini sista alikuwa amekaa kimya. Mivuto ya namna hiyo hutoka kwenye shina la ubongo linalozimika, inaweza kuja miwili au mitatu kwa kupishana dakika nzima, na anayetangaza kifo mapema huwaua ndugu mara mbili. Tulingoja. Daktari wa zamu alipofika alisikiliza moyo kwa dakika kadhaa, akamulika mboni ambazo hazikusinyaa, ndipo akawaambia wazi kwamba baba amefariki, akaandika saa.

Mama aliomba kubaki tukimhudumia mwili. Tuliacha mto mmoja chini ya kichwa ili damu isitulie usoni na kuubadilisha rangi, tukafumba macho, tukatoa kanula, tukafyonza kwa bomba la sindano maji ya puto ya mpira wa mkojo kabla ya kuuvuta. Taya lilifungwa mapema kwa bendeji, kwa kuwa ni miongoni mwa viungo vinavyokakamaa kwanza, mara nyingi ndani ya saa mbili hadi nne, na baada ya hapo familia itamwona baba yao mdomo wazi siku ya kuaga. Pete ilivuliwa mbele ya kijana na kuandikwa kitabuni. Tulipomgeuza kumwosha mgongo, hewa iliyobaki mapafuni ilitoka kwa sauti ya mtu anayeshusha pumzi baada ya kazi nzito. Nilikuwa nimeambiwa itatokea, na bado machozi yalinitoka.

Mama aliniona. Alisema, "Pole mwanangu," na huo ndio ushahidi wangu mkubwa wa hapana: mjane alinipa pole mimi. Lakini ninapoandika haya nalazimika kueleza pia kilichofuata, kwamba baada ya maneno hayo alikaa kwenye kiti na kulia kwa mara ya kwanza tangu jioni. Sijui kama machozi yangu yalimfungulia njia au wakati wake ulikuwa umefika tu, na sitaki kujitengenezea sifa. Sista hakunikaripia. Alinipa kitambaa cha kufutia mgongo, tukaendelea.

Kwa hiyo hapana yangu naishikilia kwa saa zote za kabla, na kwa zile dakika za kuthibitisha na kutoa taarifa, kwa sababu hapo ndugu wanahitaji mtu ambaye mikono yake haitetemeki. Baada ya hapo, kama mwili umeheshimiwa na kazi haisimami, siwezi tena kusema ni kosa. Nabakiza sharti moja ambalo swali lenu halikuligusa. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa na ugonjwa uleule, pazia halizuii sauti, na asubuhi aliniuliza kama mofini yake ni ileile aliyokuwa akipewa mzee. Nilimjibu kwamba ni ileile, inatuliza maumivu na si iliyomwua, kisha nikakaa naye mpaka zamu ilipobadilishana. Kwa ajili ya huyo, hapana yangu haijalegea.