Magugumaji ya Dunga na barua isiyojibiwa

"Nimemwandikia mwandishi wa gazeti kurasa mbili kuhusu magugumaji hapa Dunga, Kisumu, wala hajibu. Niongeze picha?"

Ndugu yangu, picha hazitasaidia, kwa sababu magugumaji yamekuwa ziwani miaka mingi na hayo pekee si habari. Eleza kilichobadilika wiki hii: ikiwa mashua zimekwama ufuoni siku nne na bei ya ngege imepanda, kichwa cha barua kiwe "Mashua zakwama Dunga, ngege apanda bei", kisha aya moja ionyeshe mnunuzi anaongeza shilingi ngapi, na ni mvuvi na mchuuzi gani waliokubali kuhojiwa. Maneno 150 yanatosha. Zihesabu mashua mwenyewe kabla ya kutuma, maana atakuuliza umejuaje.