Swali la lugha: Siku ya kikao imegongana na arobaini

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni katibu wa chama cha akiba na mikopo hapa Tanga. Wenzetu wa Dar es Salaam walitupangia kikao Alhamisi tarehe 12 Novemba, na siku hiyo sisi tuna arobaini ya baba mkubwa. Nikawajibu: "Kwa bahati mbaya sitaweza kuhudhuria kulingana na msiba. Ningependa kuomba kikao kisogezwe mbele kidogo." Wakanitumia rambirambi kwenye simu, na kikao wakakiweka Jumanne tarehe 10. Nilikosea wapi, na ningeandikaje?*

Marahaba. Wenzako hawana kosa. Walisoma ulichoandika, wakatenda kama watu wazima wanavyotenda wakisikia msiba.

Tuanze na huo msiba wenyewe. Ukimwambia mtu huji kwa sababu ya msiba, anaelewa kwamba maiti bado iko ndani, au imezikwa jana na watu wangali wamekaa mkekani. Hapo mkono unaingia mfukoni kabla ya maswali. Baba mkubwa wako amezikwa yapata mwezi mmoja na zaidi, na matanga yalishaanuliwa. Kinachokuzuia tarehe 12 ni hitima ya arobaini, yaani shughuli iliyopangwa, ambayo tarehe yake mliijua tangu siku ya maziko. Ungeitaja kwa jina lake, wenzako wangejibu "Mungu amrehemu marehemu" na kufungua kalenda.

Kila shughuli ya kifo ina jina lake, na jina hilo humwambia mpangaji wa kikao mambo mawili anayoyahitaji: tarehe hiyo inaweza kusogea au haisogei, na wewe utakuwa umefungwa siku ngapi. Maziko ya Waislamu kwa kawaida huwa siku ile ile au kesho yake, kwa hiyo aliyefiwa leo anaomba udhuru wa leo na siku chache za matanga, basi. Kwa familia nyingi za bara mazishi husubiri ndugu wafike na mwili usafirishwe, na tarehe inaweza kubadilika mara mbili kabla ya kaburi kuchimbwa. Anayeomba udhuru kwa mazishi ya namna hiyo aseme wazi kwamba familia bado haijapanga siku. Halafu kuna neno matanga, ambalo si salama kulituma mbali bila kulifafanua. Pwani, matanga ni siku za kukaa na wafiwa baada ya kuzika. Kwa Wakenya wengi wa bara ni mikusanyiko ya kabla ya kuzika. Mtu wa Mombasa akimwandikia mtu wa Nakuru kwamba yuko matangani, huyo wa Nakuru atadhani maziko yako mbele.

Sasa "kusogezwa mbele". Wewe ulikusudia siku za baadaye, na Watanzania wengi wangekuelewa hivyo. Lakini wako wanaosikia mbele na kuelewa mapema, kabla ya siku iliyotajwa, na katibu wa wenzako inaonekana ni mmoja wao. "Kurudisha nyuma" nako kuna utata ule ule, umegeuzwa tu. Sioni faida ya kubishana nani yuko sahihi, maana kikao hakiwezi kusubiri hukumu ya wanaisimu. Taja siku na tarehe pamoja, "Jumatatu tarehe 16 Novemba", na mbele na nyuma vitajipanga vyenyewe. Hata "Jumatatu ijayo" iepuke, kwani barua ikisomwa Ijumaa au Jumapili, kila msomaji ana Jumatatu yake.

Usikimbilie "kuahirisha" pia. Si neno baya, na wala halina utata wa mwelekeo, ila mwenye kuahirisha kikao ni aliyekiita. Mwalikwa anayeandika "nimeahirisha kikao" amejivika cheo cha mwenyekiti. Wewe unaomba udhuru na unapendekeza siku nyingine, basi.

Neno udhuru lina kazi moja zaidi ambayo makatibu mnaijua. Kwenye kumbukumbu za kikao, baada ya waliohudhuria, huja waliotoa udhuru, kisha waliokosa bila udhuru. Ukiandika "sitaweza kuja" peke yake, katibu mkali anaweza kukuweka fungu la tatu. "Naomba udhuru" inakuweka fungu la pili bila mjadala.

Yaliyobaki niyapitie upesi. "Kulingana na" maana yake ni kwa kufuata au kwa mujibu wa, kama vile kulingana na katiba ya chama. Sababu inatajwa kwa "kutokana na" au "kwa sababu ya". "Ningependa kuomba" ni mzunguko usio na haja, maana "naomba" imeshajaa adabu yote inayotakiwa. Na "kwa bahati mbaya" iache kabisa inapokuwa jirani na kifo. Tunaitumia kwa chai iliyomwagika na basi lililotuacha. Msikilizaji mwenye imani ataona umeiita kudura ya Mungu ajali.

Mimi ningeiandika hivi:

> Ndugu Katibu,
>
> YAH: KIKAO CHA ALHAMISI TAREHE 12 NOVEMBA
>
> Barua yenu tumeipata, na tunashukuru kwa mwaliko. Siku mliyotupangia sitakuwa na nafasi. Jioni hiyo familia yetu ina hitima ya arobaini ya marehemu baba yetu mkubwa, aliyefariki mwanzoni mwa Oktoba, na mimi ni miongoni mwa wasimamizi wa shughuli tangu asubuhi. Kwa hiyo naomba udhuru.
>
> Endapo itawafaa, naweza kufika Dar es Salaam Jumatatu tarehe 16 au Jumanne tarehe 17 Novemba, kuanzia saa nne asubuhi. Kabla ya tarehe 12 sitapata nafasi ya kusafiri. Kama siku hizo mna shughuli nyingine, nitashukuru mkinitajia siku iliyo wazi kwenu katika juma hilo.
>
> Ikiwa kikao hakina budi kufanyika tarehe 12, mhazini wetu atakuja kwa niaba yangu, na taarifa ya chama nitaituma mapema.

Tazama sentensi ya "aliyefariki mwanzoni mwa Oktoba". Hiyo ndiyo inayozuia rambirambi za pili, kwa kuwa msomaji anajua papo hapo kwamba kilio kimepita na kilichobaki ni dua. Tazama pia kwamba siku zilizopendekezwa ni mbili. Ukitoa moja, inasomeka kama amri. Ukitoa tano, mwenzako anaona unamrudishia kazi ya kuchagua, na ataiacha barua hadi kesho. "Endapo itawafaa" imewekwa mwanzo wa sentensi makusudi, ili msomaji aone kwanza kwamba uamuzi ni wake, ndipo akutane na tarehe zako. Kwa mkubwa wako kazini au mzee wa heshima badili iwe "ikikupendeza", na maliziko yawe "nitafuata siku utakayoamua". Kwa wenzako mnaolingana, "endapo itawafaa" inatosha, maana unyenyekevu ukizidi watu huanza kuutilia shaka.

Fungu la mwisho, la mhazini, wengi hulisahau. Huenda kikao kina watu kumi na wewe ni mmoja, na si kila mtu anaweza kungoja hitima yako. Ukitaja mwakilishi, umemwondolea katibu aibu ya kukukatalia mfiwa.

Kama mnawasiliana kwa ujumbe wa simu, ufupishe lakini usiitupe tarehe: "Salaam ndugu. Alhamisi tarehe 12 naomba udhuru, tuna hitima ya arobaini ya marehemu baba mkubwa. Jumatatu 16 au Jumanne 17 kuanzia saa nne asubuhi nipo, ikiwafaa."

Sasa kuna mtego wa kwetu pwani, ambao barua yako imeunusurika kwa kuwa umeandika Alhamisi. Kwa hesabu ya Kiislamu siku huanza jua likizama, kwa hiyo wazee wetu husema hitima itasomwa "usiku wa Ijumaa" na kukusudia usiku unaofuata mchana wa Alhamisi. Mtu wa ofisini Dar es Salaam akisoma hivyo, anafikiri Ijumaa jua likishazama. Atakwambia kwa moyo mweupe, "Basi tukutane Ijumaa asubuhi, shughuli yako ni usiku," na wewe asubuhi hiyo bado unarudisha masufuria ya watu. Andika "usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 13", ambayo haina njia mbili. Au fanya nilivyofanya kwenye barua: taja Alhamisi jioni.

Utaratibu huu huu unafaa kwa siku za ibada, ila Idi ina tatizo lake. Mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30, na Idi el-Fitri haijulikani kwa yakini mpaka mwezi uandame. Ukiandika "sitakuwepo Ijumaa, ni Idi" na mwezi ukakataa kuonekana, utakuwa umeombea udhuru siku ya thelathini ya mfungo, na Idi yenyewe itakukuta umeshaahidi kikao. Omba siku zote mbili kwa pamoja: "Idi inatazamiwa kuwa Ijumaa au Jumamosi, kutegemea mwandamo wa mwezi. Naomba kikao kisiwekwe katika siku hizo. Kuanzia Jumatatu nina nafasi." Ijumaa Kuu haina taabu hiyo. Inajulikana mwaka mzima kabla, kwa hiyo anayeiombea udhuru siku mbili kabla ya kikao atarajie kuulizwa alikuwa wapi.

Uangalie pia siku unazopendekeza wewe. Usimwekee Mwislamu kikao Ijumaa saa saba mchana, na usiseme "baada ya swala ya Ijumaa" kwa mtu asiyeswali, kwani hajui swala hiyo inatoka saa ngapi. Mwandikie saa nane na nusu.

Na ikiwa unaandika kwa niaba ya mjane, usilitafutie neno kubwa. "Bi. Mwenyekiti yumo edani" inatosha kwa Waislamu. Kwa wengine ongeza kwamba eda ya kufiwa na mume ni miezi minne na siku kumi (kama mjane si mjamzito), kisha taja tarehe inayoisha. Hapo usipendekeze siku nyingine ya kikao cha ana kwa ana kabla ya tarehe hiyo. Pendekeza simu, au makamu wake.