Sawazisha kijivu kwanza, rangi ije baadaye

Ukikabidhiwa picha zisizofanana kwa ajili ya slaidi, usikimbilie kuzimwagia zote rangi mbili za kampuni. Zitafanana rangi, lakini bado hazitaelewana: moja itaonekana ina ukungu, nyingine imekolea kama masizi. Sababu ni kwamba `Gradient Map` ya Photoshop haiangalii rangi ya picha, inaangalia mwanga tu. Penye giza inaweka rangi ya kwanza, penye mwanga inaweka ya pili. Kwa hiyo picha zikitofautiana mwanga, tofauti hiyo inabaki vilevile, ila sasa imevaa bluu.

Chukua mfano wa slaidi za kampuni ya kusafirisha mizigo hapa Dar. Umeletewa picha nne: Kariakoo saa saba mchana iliyopigwa kwa simu, wahasibu ofisini chini ya taa za tyubu, bandari iliyopigwa kutoka juu kukiwa na ukungu, na mkurugenzi aliyepigwa picha studio. Kabla ya kugusa chochote, omba picha za simu zitumwe WhatsApp kama dokumenti. Zikitumwa kama picha za kawaida zinabanwa, na ukishavuta mwanga utaona vijimraba angani na mashavuni.

Kwenye kila picha weka tabaka tatu, kuanzia chini: `Black & White`, `Levels`, kisha `Gradient Map`. Hiyo ya juu izime kwanza. Kazi yenyewe iko kwenye hizo mbili za chini.

`Black & White` ndiyo inayookoa nyuso. Ngozi zetu zina wekundu na unjano mwingi, na kwa mipangilio inayokuja nayo, `Reds` ikiwa 40 na `Yellows` 60, uso mweusi mara nyingi unazama kwenye rangi ya giza hadi macho na taya havitofautiani na kivuli. Pandisha `Reds` hadi 60 au 70 na `Yellows` hadi 75 hivi, uangalie uso unavyojitokeza huku ukuta wa nyuma ukibaki ulipo. Ukishageuza picha kuwa kijivu kabisa nafasi hiyo imepotea, maana wekundu wa kuushika haupo tena. Angalia pia nguo: shati jekundu litapanda pamoja na ngozi. Na usivuke mpaka. Lengo ni sura isomeke. Kumfanya mtu mweupe kuliko alivyo ni kumkosea, na wenzake watamcheka kikao kizima.

Kwenye `Levels`, sogeza kishale cheusi na cheupe hadi pale mchoro wa mwanga unapoanzia na unapoishia. Picha ya bandari itahitaji kusogezwa sana pande zote mbili kwa sababu ukungu umebana kila kitu katikati. Ile ya Kariakoo haitahitaji. Yenyewe shida yake ni anga lililoungua, na hilo halirudi, kwa hiyo likate. Halafu fungua `Info`, weka `Sample Size` ya `Eyedropper` iwe `5 by 5 Average`, na usogeze kishale cha kati mpaka sehemu kuu ya kila picha isome kati ya 110 na 150. Watu wawili wenye ngozi tofauti ndani ya picha moja waache watofautiane.

Sasa washa rangi. Tuseme giza ni `#10243E` na mwanga ni `#F5EBDD`, bluu ya usiku na rangi ya krimu. Zinapendeza zikikaa pembeni, lakini zikichanganywa nusu kwa nusu zinatoa takriban `#82878D`, yaani kijivu kitupu. Na katikati ndipo nyuso zilipo, kwa hiyo wahasibu wako watatoka na rangi ya majivu. Ongeza kituo cha tatu kwenye 50%, kwa mfano `#5E9299`. Mwanga wake unakaribia ule wa katikati, hivyo hauvurugi ulichosawazisha, ila unaleta rangi pale palipokuwa pamekufa. Ukiridhika, weka tabaka zote tatu kwenye kundi moja ulikokote hadi picha inayofuata. `Gradient Map` usiiguse tena, rekebisha mbili za chini tu.

Kama una PowerPoint peke yake, anza na `Corrections` kusawazisha mwanga, kisha `Color` na `Recolor`. Aina za `Dark` zinaanzia nyeusi, za `Light` zinaishia nyeupe, kwa hiyo usizichanganye. Rangi hizo zimefungwa kwenye mandhari ya faili: mtu akibandika slaidi zako kwenye faili lake, zinabadilika.

Mwisho fungua `Slide Sorter` na upunguze ukubwa hadi picha ziwe ndogo kama stempu. Inayokuvuta jicho kabla ya nyingine irudishe kwenye `Levels`. Ramani za njia, chati na nembo za wateja usiziguse, kwani huko rangi ina maana yake.