Kuchagua njia mbili za kipato kwa alama

"Nimewaza kushona, kufuga kuku, kufundisha tuisheni na kuuza mitumba. Mgongo unanisumbua, mtaji mdogo, nina jioni tu. Nichukue mbili zipi?"

Ndugu, kila njia ipe alama 1 hadi 5 kwa muda, mtaji, afya na ujuzi. 5 maana yake inakufaa kabisa. Kwa ulivyoeleza, mimi ningeweka hivi, kwa mpangilio huohuo: tuisheni 4, 5, 4, 4, jumla 17. Mitumba 5, 4, 1, 5, jumla 15. Kushona 4, 2, 3, 5, jumla 14. Kuku 9 tu. Wanataka mtu asubuhi, nawe haupo.

Ukifuata jumla peke yake, mitumba inashika nafasi ya pili. Lakini ile 1 ya afya ni kubeba marobota kwa mgongo mbovu, na ujuzi hauwezi kufidia hilo. Njia yenye 1 popote iondoe kwanza, ndipo ujumlishe.

Zinabaki tuisheni na kushona. Zote za jioni, ila tuisheni ina saa maalumu, kushona kunasogezeka. Zingekuwa zote na saa maalumu, ningekushauri uache moja. Cherehani anza kwa kukodi, alama ya mtaji itapanda.