Paswadi ya Netflix ya familia: angalia siku Mama atakapofungiwa nje

"Tuko watano kwa nyumba moja hapa Umoja na tunatumia Netflix moja. Kila mara mtu akibadilisha paswadi, mama yangu wa miaka 70 anabaki nje akituuliza. Ni programu gani ya kutunza paswadi ataiweza?"

Ndugu, kwetu Kayole tulipitia hayo hayo. Programu ya kwanza tuliyoweka ilikuwa rahisi sana, kumbe ilikuwa ikimtumia Mama nakala ya paswadi. Dada yangu alipoibadilisha, ya Mama haikufuata. Isitoshe, dada alikuwa ametia alama kwenye kisanduku cha kuondoa vifaa vyote, kwa hiyo televisheni nayo ikatolewa. Mama akaandika paswadi ya zamani Jumamosi nzima akidhani anakosea herufi, na hilo liliniuma.

Kabla ya kuchagua, jaribu hivi: weka paswadi ya uongo, mshirikishe Mama, ibadilishe kwenye simu yako, kisha fungua yake. Ikiwa bado anaona ile ya kwanza, hiyo ni nakala, achana nayo. Unachotaka ni sanduku moja ambalo nyote mnalichungulia.

Bitwarden na 1Password zote zina sanduku kama hilo. Mpango wa familia wa Bitwarden huchukua watu 6, wa 1Password huanzia watu 5. Mkiwa wawili tu, Bitwarden inawaruhusu kushirikiana bila malipo.

Sisi tulichagua Bitwarden kwa sababu ya vidole vya Mama. Amefua na kulima maisha yake yote, alama za vidole zimefifia, na simu humsoma mara moja kati ya nne. Bitwarden inakubali nambari fupi ya siri badala ya kidole, na nambari Mama anaijua kwa sababu ya M-Pesa. Ila mchagulie nambari nyingine kabisa, ile ya M-Pesa isiguse programu hii. Halafu ingia `Settings`, kisha `Account security`, uhakikishe muda ukiisha programu inafanya `Lock`, wala si `Log out`. Ikiwa ni `Log out`, nambari fupi haitamsaidia, ataulizwa paswadi kuu, ile ndefu inayofungua programu yenyewe, na hapo ndipo wazee wengi hukata tamaa na kuifuta programu.

Paswadi kuu ya Mama ni maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana, aliyoyachagua mwenyewe. Tuliyaandika kwenye karatasi, akaiweka kwenye mkoba wenye hatimiliki ya shamba. Najua wengine watanipinga kuhusu karatasi. Lakini mwizi wa mtandaoni hafiki kwenye mkoba ule, na Mama hajawahi kuupoteza.

Je, karatasi ikipotea? Kampuni haiwezi kukusomea paswadi kuu, kwa hiyo jipange mapema. Kwenye tovuti ya Bitwarden, katika akaunti ya Mama, kuna `Emergency access`. Nilijiweka mimi, nikachagua `Takeover` na kusubiri siku 1. Maana yake, nikiomba na Mama asikatae ndani ya siku hiyo, naweza kumwekea paswadi kuu mpya. Kuna hatua tatu hapa: Mama anakualika, wewe unakubali kwenye barua pepe, kisha Mama anarudi kuthibitisha. Hiyo ya tatu watu huisahau, na bila hiyo huna ruhusa yoyote. Pia ujue kwamba ukishachukua akaunti hivyo, Mama anaondolewa kwenye sanduku la familia, itabidi umwalike upya.

Hapa 1Password inapumzisha zaidi, maana msimamizi wa familia ndiye anayeanzisha urejeshaji, na Mama anafuata barua pepe anayotumiwa. Kama vidole vya mama yako vinasomeka na barua pepe yake anaifungua mwenyewe, ningekushauri uanze na hiyo.

Kwenye sanduku la pamoja mpe Mama ruhusa ya kuona tu, asije akafuta kitu kwa bahati mbaya. Chake kiwe Netflix na vingine viwili vitatu anavyotumia kweli. Siku paswadi ikibadilika, anafungua simu na mpya iko pale. Isipoonekana, `Sync now` iko ndani ya `Settings`, chini ya `Other`.

Televisheni usimwandikishe paswadi kwa rimoti. Netflix huonyesha msimbo wa QR kwenye skrini, Mama anauelekezea kamera ya simu, ukurasa unafunguka na Bitwarden inamjazia. Nimemfundisha kwamba ukurasa ukifunguka na programu isijitolee kujaza, asiandike chochote, aniite kwanza. Mwezi uliopita alipata ujumbe kwamba Netflix yake imefungwa, akabonyeza, programu haikujaza kitu, akaniita. Anwani haikuwa ya Netflix.