Nahodha wangu alikufa vibaya (kimwandiko), ikabidi nimfufue

Niliandika riwaya ya kwanza hapa Mwanza kwa miaka miwili hivi, usiku usiku baada ya kazi, inamhusu nahodha mmoja wa dagaa anaitwa Masalu. Mwisho wa kitabu dhoruba inakuja, mtumbwi unapinduka, vijana wanne wanakufa na yeye wa tano. Mimi nikaona nimemaliza, nikalia kabisa nilipoandika ile kurasa ya mwisho. Nikamsomea mjomba wangu ambaye alivua samaki kule Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria, zaidi ya nusu ya umri wake. Akasikiliza mpaka mwisho, akanywa chai yake, akasema, "Sasa mjomba, huyu kauawa na ziwa tu. Hata angekuwa padri angekufa."

Nilinuna siku mbili, ila alikuwa sahihi, na nilichokosea nadhani wengi tunaoandika tunakikosea. Masalu wangu alikuwa na kasoro, ndiyo, nilimwandika kuwa ana kiburi, anafokafoka hovyo kila chapta, lakini kile kiburi hakikugusa kabisa ule mtumbwi. Ukikitoa kitabuni dhoruba inakuja vilevile, watu wanakufa vilevile. Sasa hivi hicho ndicho kipimo changu cha kwanza: nachukua kasoro ya mhusika naifuta kichwani, halafu naangalia kama janga bado linatokea. Kama bado linatokea, nina habari ya ajali tu; tanzia, yaani hadithi ya mtu anayeangamizwa na kasoro yake mwenyewe, sina.

Nilirudi kusoma Shujaa Okonkwo ya Chinua Achebe, safari hii na kalamu mkononi (kama hujaisoma ruka aya mbili, namwaga kila kitu). Okonkwo anaogopa kitu kimoja, kufanana na baba yake, Unoka, mtu wa madeni na filimbi. Angalia ujanja wa Achebe hapo: ile hofu ndiyo iliyomfanya awe mkulima mkubwa, mpiganaji, mtu wa vyeo. Kwa hiyo hawezi kuiacha, ni sawa na kumwambia mtu aing'oe injini iliyomfikisha alipo. Mimi nilimpa Masalu kiburi kama mtu anavyopewa kovu usoni, pambo tu. Kasoro inayoua kweli mara nyingi ni ile iliyomlisha mtu kwanza.

Halafu kuna kifo cha Ikemefuna, yule kijana aliyekaa kwa Okonkwo miaka mitatu akimwita baba. Mzee Ezeudu anakuja kumwambia kabisa, kijana atauawa lakini wewe usishiriki. Rafiki yake Obierika anabaki nyumbani kwake na hakuna anayemfanya kitu. Yaani mlango ulikuwa wazi na tunamwona mtu mwingine kautumia! Okonkwo anaenda, na kijana anapokimbilia kwake yeye ndiye anayemkata, kwa kuogopa kuonekana dhaifu. Baadaye bunduki inamlipukia msibani na kuua kijana wa miaka kumi na sita, na hiyo ni ajali, hakukusudia, anafukuzwa miaka saba. Nilijiuliza sana mbona ajali hii haikuniudhi kama dhoruba yangu. Kwanza iko katikati ya kitabu, haimalizi kazi. Pili, msiba wenyewe ni wa Ezeudu, yule yule aliyemwonya, na anayekufa ni mtoto wa Ezeudu. Na bunduki tuliishaiona, alishamfyatulia mke wake Ekwefi akamkosa. Kisha mwishoni, pale mkutanoni, panga linalomuua tarishi wa serikali linatoka mkononi mwake mwenyewe, hakuna bahati mbaya pale. Ajali imsukume mtu, sawa, lakini hatua ya mwisho aipige yeye.

Basi nikamrudia Masalu. Kile kiburi cha kufoka nikakitupa. Nikajiuliza huyu mtu anaogopa nini, nikakumbuka misiba ya utotoni, ile ya watu kunong'ona kwamba wafiwa hawana hata cha kuwapa waombolezaji. Masalu akiwa na miaka tisa alisikia hivyo msibani kwa baba yake. Tangu hapo hawezi kuonekana hana. Hiyo tu. Na imemlisha: vijana wanataka kupanda mtumbwi wake kwa sababu siku za giza, zile zisizo na mbalamwezi, zikiisha analipa palepale, hata kama mwezi ule dagaa walikuwa wachache yeye anatoa mfukoni, kwa hiyo anapata mabaharia wazuri kuliko wote mwaloni. Msomaji anampenda, na mimi nampenda.

Sasa kikao cha harusi. Binti wa shemeji yake anaolewa, wamemfanya mwenyekiti wa kamati, watu wanaahidi laki, laki mbili, anasimama Masalu anaahidi milioni mbili. Makofi. Hizo ni hela za kubadilisha ubao wa chini wa mtumbwi uliooza. Anauziba kwa pamba tena, mara ya tatu, akisema mwezi ujao. Mwezi ujao hela haijatosha, anakopa kwa mnunuzi wa dagaa kwa makubaliano kwamba kila anachovua kinaenda kwake kwa bei ya chini. Kwa hiyo anavua zaidi anapata kidogo. Fundi wa injini anamkopesha mara moja, mara ya pili hapana. Majaketi ya kuokolea anayauza, manne, kwa jamaa wa kambi nyingine. Kisha jioni ya mwisho upepo unaonekana, mawingu yanajikusanya upande wa visiwani, wenzake wanavuta mitumbwi juu, na mnunuzi kasimama pale mbele za watu anamdai. Angesema "leo siendi, na hela yako sina" angepona. Maneno sita tu! Ndiyo maneno pekee ambayo mtu huyu hawezi kuyatamka, na msomaji anajua hawezi, kwa sababu tumekaa naye kurasa mia na themanini akishindwa kuyasema kwa watu wadogo zaidi.

Dhoruba ni ileile, sikubadilisha hata sentensi tatu.

Nilipokosea safari ya pili ni kukazia mno. Niliweka bundi analia, ndoto ya maji meusi, bibi anayetabiri. Rafiki mmoja akaniambia alichoka chapta ya tano maana alishajua. Nikafuta bundi na bibi wote. Msomaji inabidi kwanza awe na tumaini, aone mlango uko wazi kweli, anaweza kukataa uenyekiti, anaweza kumwambia mkewe ukweli, na kila mlango aufunge yeye mwenyewe kwa sababu inayoeleweka. Mwanzoni milango ifungwe kwa nafasi, katikati haraka, mwishoni ubaki mmoja. Nilichora kabisa kwenye daftari, milango saba, na kila mmoja nikaandika pembeni jina la mtu ambaye kwenye nafasi ile angefanya tofauti. Milango miwili sikupata jina, maana yake mtu yeyote angefanya vile, basi pale kasoro ilikuwa haifanyi kazi, nikaandika upya.

Mwezi uliopita nikamsomea tena mjomba. Alinyamaza muda mrefu, chai ikapoa. Halafu akauliza, "Pale kikaoni, alivyosimama kuahidi, mkewe alikuwa wapi?"

Nikasema alikuwepo, amekaa pembeni yake.

"Na hakumvuta shati?"

Nilirudi nyumbani na daladala ya Igombe nikiandika kwenye simu. Sasa anamvuta shati, mara mbili, na Masalu anauondoa mkono wake taratibu huku akitabasamu.